Gunia la kahawa lina wenyewe wangapi?

  

Jioni hii nataka tufuatane na gunia moja la kahawa. Linatoka kihambani kule Kibosho, linashuka Moshi mjini, mpaka linauzwa mnadani. Kila litakaposimama tutauliza swali moja tu: hapa mwenye kauli ni nani? Ni mkulima? Ni chama? Ni serikali? Ni mfanyabiashara? Lishikeni swali hilo.

Mmewasikia wataalamu wakitaja uchumi mchanganyiko. Maana yake ni nchi ambayo watu binafsi wanamiliki na kufanya biashara, na papo hapo serikali nayo inamiliki vitu vyake, inaweka sheria, na inatoa huduma kama shule na hospitali. Nchi karibu zote ziko hivyo. Basi tusipoteze jioni yetu kubishana kama uchumi wa aina hiyo upo au haupo. Ubishi wenye maana ni kuhusu nani ashike nini, na anapokishika, nani anamwangalia. Kahawa itatuonyesha vizuri kuliko kitabu.

Tuanzie shambani. Kihamba ulirithi kwa baba, naye alirithi kwa babu. Wewe unasema ni chako, na jirani hathubutu kusogeza mpaka. Lakini kwa sheria za ardhi za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ulicho nacho ni haki ya kuitumia, na haki hiyo inalindwa. Migomba ni yako, mibuni ni yako, nyumba ni yako. Kwa hiyo hata kabla hatujachuma punje moja, umma na mtu binafsi tayari wanakaa pamoja kwenye shamba lile lile.

Sasa mche. Kama umepanda mibuni ile mipya inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, asili yake ni Lyamungu, hapa hapa jirani. Utafiti wa kahawa Lyamungu ulianza mwaka 1934, wakati wa serikali ya mkoloni. Baada ya uhuru ukaendelea chini ya serikali yetu, na tangu mwaka 2001 uko mikononi mwa TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, ambayo wakulima na wadau wengine wa zao hili wanachangia kuiendesha. Niulize swali: kwa nini mfanyabiashara hakuitengeneza yeye hiyo mibuni? Kwa sababu kutafuta aina mpya ya mbuni ni kazi ya miaka kumi na zaidi, na ukishamuuzia mkulima mmoja mche, mwaka unaofuata jirani yake anaomba tawi na kupandikiza. Anayetafuta faida haoni faida yake hapo. Mlima wote unafaidika, lakini hakuna mtu mmoja anayeweza kusimama getini akatoza kiingilio. Kazi ya namna hiyo, mahali pengi duniani, hubebwa na mfuko wa wengi.

Mbolea je? Inaletwa na kampuni binafsi, inauzwa na duka la pembejeo la mtu binafsi, lakini tangu msimu wa 2022/23 serikali inalipa sehemu ya bei kwa mkulima aliyejiandikisha. Mfuko mmoja wa mbolea, mikono miwili. Na maji ya kuoshea kahawa yako? Kwa wengi wetu yanatoka kwenye mfongo, ule mfereji waliouchimba wazee. Mfongo si wa serikali wala si wa mfanyabiashara. Ni wa wale wanaoutumia, wenye zamu zao na faini zao kwa asiyetoka siku ya kuusafisha. Hiyo ni mali ya jumuiya, mkono wa tatu, na watu wengi wanaousahau wakizungumzia uchumi ni wale ambao hawajawahi kunyimwa zamu ya maji.

Tuendelee. Umechuma zile nyekundu tu, umezimenya siku ile ile, umezilaza zichachuke, umeziosha, umezianika kwenye chanja. Unageuza, unatoa zilizovunjika, ikitishia mvua unafunika. Baada ya wiki mbili hivi ukiitikisa kiganjani inalia kwa ukavu, ikiwa bado na lile ganda lake la ndani. Hadi hapo jasho ni la nyumba yako. Sasa unaipeleka wapi?

Hapa ndipo gunia letu liligombaniwa kwa karibu miaka mia moja. Niwape historia kwa ufupi.

Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga waliunda chama chao, wakati ule kikiitwa KNPA, na Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU. Wakulima walikitaka, hilo ni kweli. Lakini serikali ya mkoloni ikaongeza sharti: kahawa yote ipite KNCU, usiuze kwingine. Bei ya dunia ilipokuwa imelala, watu wakaona chama chao kimegeuka kamba shingoni, na mwaka 1937 vurugu zikazuka mlimani. Ona jambo hilo: chama kilikuwa cha wakulima, ila amri ya kulazimisha ilikuwa ya serikali. Tangu mwanzo kabisa vitu hivyo viwili vilichanganywa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilichukua mabenki na viwanda vikubwa. Mwaka 1973 ikachukua mashamba makubwa ya walowezi hapa mlimani, hayo nitayarudia. Mwaka 1976 ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, KNCU ikiwemo, na kahawa ikawa chini ya mamlaka ya serikali. Wazee wanakumbuka: mnunuzi ni mmoja, mkopo ni wa kusubiri, hela nayo ni ya kusubiri. Sheria ya mwaka 1982 ikarudisha vyama, na mwaka 1984 KNCU ikafufuka. Kisha, msimu wa 1994/95, mlango ukafunguliwa: wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuja kununua kahawa moja kwa moja kwa mkulima.

Niseme ukweli, walipokuja watu walifurahi. Mnunuzi anasimamisha gari njiapanda, anapima, anahesabu noti, umemaliza. Ada ya mtoto imepatikana leo, haisubiri mkutano mkuu. Ushindani ule ulimpa mkulima nafasi ya kusema hapana, na hicho ni kitu kikubwa. Asiyeweza kusema hapana hana bei, ana anachopewa.

Lakini mambo mawili yaliharibika polepole, na ningependa tuyaangalie kwa utulivu, kwa sababu hayakusababishwa na roho mbaya ya mtu.

La kwanza ni mkopo wa pembejeo. Zamani chama kilikukopesha dawa na mbolea mwanzoni mwa msimu, kikakukata ukileta kahawa. Kiliweza kukopesha kwa sababu kilijua kahawa yako haina mlango mwingine wa kutokea. Milango ilipokuwa mingi, wewe ulichukua dawa kwa chama, ukauza kahawa kwa gari la njiapanda. Chama kikabaki na deni kwenye daftari. Msimu uliofuata hakikukopesha. Mnunuzi binafsi naye hakukopesha, maana alijua mwenzake angekuja kuchukua kahawa aliyoigharimia yeye. Basi dawa ikawa ya fedha taslimu, na mwenye mibuni mia mbili akaacha kupulizia. Chulebuni ikala. Ushindani uliompa mkulima bei nzuri ya siku moja ndio ule ule uliomwondolea mkopo wa msimu mzima.

La pili ni ubora. Gari la njiapanda linanunua kwa kilo. Yangu niliyoigeuza kwenye chanja wiki mbili, na ya yule aliyeianika chini kwenye udongo, zinaingia gunia moja kwa bei moja. Sasa mimi msimu ujao nijitese kwa nini? Mtu mmoja akilegea, hakuna kinachoonekana. Kata nzima ikilegea, ladha inashuka, na wanunuzi wa nje wanaiona kwenye kikombe kabla sisi hatujaiona kwenye bei.

Kukawa na la tatu dogo ambalo linanichekesha na kuniudhi. Kwa utaratibu wa wakati ule kahawa ilipaswa bado kupita mnadani. Kwa hiyo kampuni ilinunua kahawa kijijini kwa mkono mmoja, ikaipeleka mnadani, ikainunua tena yenyewe kwa mkono wa pili. Huo ni mnada gani? Ni sawa na refa kupiga penalti halafu kukaa golini yeye mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatolewa kanuni ya leseni moja: ukinunua kijijini, usinunue mnadani, chagua. Na wakati huo huo vyama vya msingi kadhaa vya mkoani kwetu vilijitoa KNCU na kuuza vyenyewe kwa pamoja, kundi lililokuja kujulikana kama G32. Hata ndani ya ushirika, basi, ushindani uliingia.

Halafu mwaka 2018 gurudumu likarudi. Serikali ikaagiza kahawa ya wakulima wadogo ikusanywe na vyama vya msingi na kuuzwa mnadani. Wanunuzi binafsi wakaondolewa njiapanda. Baadaye utaratibu umekuwa ukilegezwa hapa na pale. Wenzetu Uganda wamechagua njia nyingine: tangu miaka ya 1990 mfanyabiashara ananunua kahawa mlangoni kwa mkulima, na serikali imebaki na kusimamia ubora na miche. Wao wanauza kahawa nyingi kuliko sisi mara kadhaa, ingawa nyingi yao ni robusta, na mvua na ardhi yao ni tofauti na yetu. Kwa hiyo sitawaambia njia yao ingetufaa moja kwa moja. Lakini nayo inafanya kazi, na tusijidanganye kwamba hakuna namna nyingine.

Haya, turudi kwenye gunia letu. Limepimwa chamani, umepewa stakabadhi na malipo ya awali. Sasa linashuka Moshi mjini, kwenye kiwanda cha kukoboa, TCCCo, ambacho KNCU ni mwanahisa wake mkubwa. Pale lile ganda la ndani linatolewa, na punje zinachambuliwa kwa ukubwa na uzito. Shikeni hesabu moja hapa: kilo mia za kahawa yako yenye ganda zinatoa kilo themanini hivi za kahawa safi. Nyingine ni ganda na takataka. Anayekuambia bei ya mnadani bila kukukumbusha jambo hilo anakuchanganya, kwa kutojua au kwa kusudi.

Kisha sampuli inakwenda kwa waonjaji wa Bodi ya Kahawa. Hao ni wa serikali. Wanaikaanga, wanaisaga, wanaimwagia maji ya moto kwenye vikombe vilivyopangwa mstari, kisha mwonjaji anapita na kijiko, anafyonza kwa nguvu mpaka mlio unasikika chumba kizima, anatema, anakwenda kikombe kinachofuata. Hanunui. Hauzi. Ndiyo maana neno lake lina uzito. Mfanyabiashara wa Ujerumani au Japani anaweza kubishana na muuzaji, lakini kama anayepanga madaraja hana gunia lake mle, kuna pa kuanzia. Nadhani hapo ndipo serikali inapofanya kazi yake bora kabisa kwenye kahawa, nayo ni kazi isiyoonekana kabisa ukiwa Kibosho.

Halafu mnada. Walionunua leseni, kampuni binafsi, wanashindana bei. Soko kabisa, lakini kwa kanuni za Bodi.

Sasa twende kwenye makato, maana najua hapo ndipo mnaponisubiri. Nitatumia namba za mfano tu, si bei za leo. Tuseme ulipeleka chamani kilo 50 za kahawa yenye ganda, ukalipwa malipo ya awali shilingi 4,000 kwa kilo. Mfukoni una laki mbili. Kahawa yako ilipokobolewa ikawa kilo 40, ikauzwa mnadani shilingi 8,000 kwa kilo: laki tatu na ishirini. Unasema, mbona elfu nane wao na elfu nne mimi, nimeibiwa nusu! Subiri. Toa ushuru wa halmashauri, asilimia 3, ni kama elfu tisa na mia sita. Toa usafiri, ukoboaji, magunia, riba ya mkopo ambao chama kilichukua benki ili kukulipa yale malipo ya awali, na gharama za chama chenyewe; tuseme vyote elfu ishirini na tano. Inabaki kama elfu themanini na tano. Hiyo ndiyo nyongeza yako, malipo ya pili. Hukuibiwa nusu. Lakini kama nyongeza iliyokuja ni elfu kumi, au haikuja, basi una haki ya kuuliza, na unajua pa kuuliza.

Angalia mstari wa riba hasa. Mnada ukichelewa, riba inakula kila siku, na inayoliwa ni nyongeza yako. Mtu anaweza kuendesha chama bila kuchukua senti ya mtu, na bado ucheleweshaji ukamaliza fedha zote. Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu usiishie kuuliza bei. Uliza kahawa ilipokelewa tarehe ngapi, ilikobolewa lini, iliuzwa mnada wa tarehe ngapi, na riba ilikuwa kiasi gani. Chama chenye majibu hayo ukutani kiko salama. Chama ambacho mtu mmoja tu ndiye anayeyajua, na siku hiyo amesafiri, hicho kina shida.

Wakati tunabishana hivi juu ya kahawa, mama zetu wanashusha ndizi Mbuyuni na Kiboroloni alfajiri. Ndizi haina bodi, haina mnada, haina malipo ya pili. Bei inapangwa pale pale kwa mdomo. Hakuna aliyewahi kuitaifisha. Lakini hata ndizi inapita barabara ya serikali, na eneo la soko ni la manispaa. Na kwa kuwa haina wa kuipanga madaraja, mkungu mzuri unapambana peke yake kumshawishi dalali.

Sasa yale mashamba makubwa niliyoahidi. Serikali iliyachukua kwa walowezi mwaka 1973, na mengi ya hapa mlimani yakaishia mikononi mwa vyama vya ushirika. Vyama vingi havikuwa na mtaji wa kuyahudumia, mibuni ikazeeka. Baadaye vikayapangisha kwa wawekezaji. Hebu tuhesabu wenye kauli kwenye shamba moja la namna hiyo pale Kibosho: ardhi ni ya umma, hati ni ya chama, mibuni na mitambo ni ya mwekezaji kwa muda wa mkataba, vibarua ni watoto wetu, mto unaomwagilia unahitaji kibali cha maji cha serikali. Wote wako kihalali. Ugomvi ukizuka, mara nyingi hauhusu nani mwenye mali. Unahusu vipengele vichache kwenye mkataba: kodi inapanda vipi bei ya kahawa inapopanda? Mkataba ukiisha, mibuni iliyopandwa inabaki ya nani? Wanachama waliuona mkataba kabla haujasainiwa?

Linganisheni na kule tambarare, TPC, kiwanda cha sukari ambacho moshi wake tunauona kutoka huku juu. Kilianzishwa na Wadenmark miaka ya 1930, baadaye kikawa cha serikali, na mwaka 2000 kikauzwa: wawekezaji kutoka nje wana asilimia 75, serikali imebaki na 25. Pale serikali haiendeshi, ila ina kiti ndani ya bodi, inaona hesabu, inapata gawio. Ni mchanganyiko wa aina tofauti na mashamba ya ushirika: mwenye hisa anaona vitabu kila mwaka, lakini mwenye kupangisha haoni, asipokuwa ameandika kwenye mkataba kwamba ataona.

Na huko duniani? Singapore, nchi ya wafanyabiashara, watu wake wengi sana wanaishi nyumba zilizojengwa na shirika la serikali. Norway, serikali ndiyo mwenye hisa nyingi zaidi kwenye kampuni kubwa ya mafuta, nayo kampuni inauza hisa sokoni kama nyingine. Na hapa kwetu KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda, ni ya taasisi ya kanisa, lakini wengi wa wanaokutibu pale wanalipwa mshahara na serikali. Umelala kitandani, unapona, hukuuliza.

Muda umeniishia, wasikilizaji. Msimu ukianza na mikutano mikuu ya vyama ikiitishwa, nendeni na yale maswali manne: tarehe ya kupokea, ya kukoboa, ya mnada, na kiasi cha riba. Wenye mikataba ya mashamba, ombeni nakala isomwe mbele ya wanachama, kipengele cha kodi kwanza. Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumzia vibali vya maji na mifongo, na kwa nini mfereji uliochimbwa na babu yako unahitaji karatasi ya serikali.